Bawaba, mifereji, vitasa na vishikio: kisa cha makabidhiano ya nyumba mpya Nairobi

Usuli

Mnunuzi wa nyumba hii ni mwalimu wa shule ya msingi. Alinunua nyumba ya orofa mbili, inayopakana ukuta kwa ukuta na ya jirani, katika mradi mmoja mashariki mwa Nairobi. Jina lake, la mradi na la mkandarasi nimeyaacha, na maelezo ambayo yangemtambulisha mtu nimeyaondoa. Mwalimu aliniomba niende naye siku ya makabidhiano, na mdogo wake, ambaye ni seremala, akaja na bisibisi na randa kwenye mkoba.

Mambo mawili yaliamua jinsi kazi ilivyoendeshwa. La kwanza, benki ilikuwa imeshamlipa muuzaji pesa zote, kwa hiyo hapakuwa na malipo ya kuzuia hadi kasoro zirekebishwe. La pili, mkataba ulitoa dhamana ya kasoro ya miezi 6 tangu siku ya kupokea funguo, lakini fomu ya makabidhiano ilikuwa na mstari unaosema mnunuzi amekagua nyumba na ameridhika na hali yake. Ukiweka sahihi chini ya mstari huo, kasoro yoyote ambayo jicho lingeiona siku ile inakuwa vigumu kuidai baadaye. Ikitokea bawaba imelegea wiki ya tatu, utaambiwa ni watoto wamening'inia mlangoni.

Orodha ya kwanza

Mwalimu alikuwa ameshatembelea nyumba hiyo peke yake na kuandika orodha chumba kwa chumba. Ilikuwa na mistari kama "chumba cha pili: mlango unagoma", "jikoni: mfereji unavuja", "choo cha juu: kishikio kibaya". Muuzaji aliipokea, na siku chache baadaye akairudisha ikiwa na alama ya tiki kila mahali.

Tulipofika tukaanza na zile tiki. Mlango uliokuwa unagoma ulikuwa umerandwa upande wa kitasa mpaka mwanya ukawa mpana kuliko kidole, ilhali tatizo lilikuwa kwenye bawaba. Mfereji wa jikoni ulikuwa umekazwa kwa nguvu hadi kuufunga kulihitaji mikono miwili. Fundi alikuwa amefanya kile alichoandikiwa. Orodha ilimpa malalamiko bila kumwambia kilichojaribiwa, wala jinsi ya kujua kazi imekwisha. Hapo tukakubaliana kuiacha na kuandika nyingine: kila mstari utaje mahali, kifaa, jaribio tulilofanya, tulichokiona, na matokeo ambayo yatatuonyesha kwamba kasoro imeondoka.

Bawaba

Ilikuwa mwishoni mwa Februari, kiangazi, mbao zimekauka. Hilo lina uzito wake Nairobi. Mlango unaofunga vizuri Februari unaweza kukwama Aprili mvua ndefu zikishika, kwa sababu mbao hunywa unyevu na kuvimba kwa upana.

Kwa kila mlango tulifanya mambo yale yale. Tunaufungua nusu na kuuachilia. Ukienda wenyewe, fremu au bawaba hazijasimama wima. Tunashika kishikio na kuinua mlango juu, macho yakiwa kwenye bawaba ya juu. Kisha tunaufunga polepole. Ukifika karibu na fremu halafu ukasukuma kurudi kama wenye springi, aidha mabawa ya bawaba yamezamishwa kupita kiasi ndani ya mbao, au vichwa vya skrubu vimejitokeza na vinagongana.

Mlango wa chumba cha pili ulipoinuliwa, bawa la bawaba ya juu lilibanduka kutoka kwenye fremu kwa unene wa ukucha. Seremala akafungua skrubu moja. Ilitoka bila kushindana, fupi kuliko kiungo cha kidole gumba, ikifuatwa na vumbi la njano la unga wa mbao na gundi. Msalaba wa kichwa chake ulikuwa unang'aa, haujawahi kuguswa na bisibisi. Ilikuwa imepigwa kwa nyundo.

Skrubu ikipigwa nyundo hupasua nyuzi za mbao badala ya kujichongea njia, kwa hiyo inashika kama msumari tu. Uzito wa mlango nao huvuta bawaba ya juu itoke kwenye fremu, huku ukiisukuma ile ya chini iingie. Ndiyo sababu ya juu hutangulia kulegea, na kona ya chini ya mlango upande wa kishikio ikaanza kukwaruza sakafu. Kurandwa kule hakukuwa na maana yoyote. Tulichoandika ni hiki: matundu yatobolewe upya, yazibwe kwa vijiti vya mbao ngumu vyenye gundi, yatobolewe tundu dogo la kuongoza, kisha zitiwe skrubu za inchi moja na nusu kwa bisibisi, mlango ukiinuliwa, bawa lisibanduke hata kidogo.

Mianya tuliipima kwa kadi za benki. Kadi moja ina unene wa takriban milimita 0.76, kwa hiyo tatu zikipangwa pamoja zinakaribia milimita 2.3, na huo ndio mwanya unaotosha pembeni na juu ya mlango wa mbao. Mlango wa bafu la juu uligomea hata kadi moja. Kama ni hivyo wakati wa kiangazi, mvua zikija haufungi.

Halafu tukainua simu juu ya mlango na kupiga picha ukingo ambao hakuna anayeuona. Milango 5 kati ya 8 ya ndani ilikuwa na mbao tupu pale juu, bila rangi wala vanishi, na kwa chini tulipopitisha simu hali ilikuwa ile ile. Kingo hizo mbili ndizo zenye ncha za nyuzi za mbao zilizo wazi, na unyevu huingilia hapo kwa kasi kuliko kwenye uso wa mlango. Hili ni jambo la brashi na dakika chache, ila likiachwa unalipia kila msimu wa mvua.

Vitasa na funguo

Hapa ndipo kisa hiki kilipokuwa kizito. Msimamizi wa saiti alitukabidhi fungu la funguo lililofungwa kwa waya, kila mmoja ukiwa na kipande cha karatasi. Mwalimu alitaka kuhakikisha tu kwamba kila ufunguo unafungua mlango wake. Mdogo wake akauliza swali la kinyume: je, unafungua mlango usio wake?

Ufunguo wa chumba cha kwanza ulifungua cha tatu. Kwa vyumba vya ndani hilo halinisumbui. Lakini ulifungua pia mlango wa nyuma wa jikoni, unaotokea uani. Tulipoomba ruhusa kujaribu kwenye nyumba ya jirani, ambayo ilikuwa bado tupu, ufunguo ule ule ukafungua mlango wake wa nyuma.

Muuzaji alikuwa ameweka kitasa cha liva mbili kwenye milango yote isipokuwa ule wa mbele. Liva ni vipande vya chuma ndani ya kitasa ambavyo ufunguo lazima uviinue kwa kimo kamili ili ulimi usogee. Zikiwa mbili, michanganyiko ya funguo inayowezekana ni michache, na katika mradi wenye mamia ya vitasa vya aina moja lazima funguo zirudiane. Kitasa hicho kinafaa chumba cha kulala. Mlango wa nje unahitaji cha liva 5 au cha silinda. Fundi hawezi kukificha, kwa kuwa aina yake mara nyingi huwa imegongwa kwenye bamba la ukingoni mwa mlango au kwenye boksi la kitasa.

"Mwalimu, kuna grili nje na walinzi getini," msimamizi akasema. "Huo mlango wa nyuma hauna shida."

"Grili tutaiandika kwenye mstari wake," mwalimu akamjibu. "Sasa tunaongea juu ya kitasa."

Jaribio lililofuata lilikuwa la ulimi. Mlango ukiwa wazi, zungusha ufunguo mpaka mwisho na upime ulimi uliotoka. Kisha upake ncha yake chaki, ufunge mlango, uzungushe tena. Kwenye mlango wa nyuma ulimi ulitoka karibu sentimita moja na nusu mlango ulipokuwa wazi, lakini ulipofungwa ufunguo ulikwama katikati. Tukafungua bamba la fremu. Nyuma yake tundu halikuchimbwa vya kutosha, na chaki ilikuwa imeacha alama kwenye mbao ambayo patasi haikuifikia. Kwa hiyo mlango ulikuwa umeshikiliwa na nusu tu ya ulimi, na mtu mwenye bega zuri angeufungua kwa kusukuma.

Mlango wa mbele ulikuwa na kitasa cha silinda, aina nzuri. Tatizo la huo ni mafundi: ufunguo wake ulikuwa umepita mikononi mwa watu wa rangi, wa vigae na wa umeme, na kunakili ufunguo mjini ni kazi ya dakika. Bahati nzuri, kubadilisha silinda hakuhitaji seremala. Unafungua skrubu moja ndefu iliyo kwenye ukingo wa mlango usawa na silinda, unatia ufunguo na kuuzungusha kidogo tu mpaka kile kijino cha katikati kilingane na mwili wa silinda, halafu unaivuta itoke. Unapima urefu kutoka kwenye tundu la skrubu kwenda kila upande na kununua yenye vipimo hivyo. Ikizidi, ikatokeza nje ya bamba zaidi ya milimita 3 hivi, mwizi hupata pa kuishika kwa koleo na kuivunja.

Mifereji

Siku hiyo hapakuwa na maji. Ilikuwa zamu ya mtaa mwingine katika mgao, na tangi la juu ya paa lilikuwa tupu. Msimamizi alipendekeza tutie sahihi, mifereji tutaijaribu maji yakija. Mwalimu alikataa, akasema atapokea nyumba siku ambayo tangi litakuwa limejaa. Muuzaji aliagiza lori la maji keshokutwa yake.

Kabla ya kufungua mfereji wowote tulizungusha na kutoa vile vichujio vidogo vya mdomoni, kisha tukaacha maji yatiririke kwenye ndoo. Yalitoka na mchanga na maganda ya plastiki yaliyokatwa wakati wa kuunganisha mabomba. Mifereji mingi ya siku hizi hufunga maji kwa visahani viwili vya kauri vinavyosuguana. Chembe moja ya mchanga ikipita kati yao inachora mstari, na tangu hapo mfereji unadondosha hata uukaze vipi. Ule wa jikoni ulikuwa tayari umechorwa. Ilibidi uwekewe katriji mpya, yaani kile kipande cha ndani chenye visahani hivyo, na mstari wetu ukasema: ukifungwa kwa kidole kimoja, usidondoshe tone kwa dakika 10.

Chini ya kila sinki tulifunga karatasi ya choo kavu kuzunguka viungo na vali, tukaendelea na kazi nyingine. Karatasi inaonyesha unyevu ambao mkono hausikii. Vali ya sinki ya kunawia orofani ililoa. Kila vali tuliifunga kabisa na kufungua mfereji wake: maji yakiendelea kuja, siku mfereji ukiharibika utalazimika kufunga nyumba nzima. Mifereji yenyewe tuliitikisa kwa mkono. Ule wa bafu la chini ulizunguka pamoja na shina lake, maana yake nati ya chini haijakazwa, na bomba lake lingejinyonga taratibu.

Wengi huambiwa wasome mita usiku na asubuhi ili kugundua uvujaji. Kwenye nyumba yenye tangi na mgao wa maji, mita inaweza kukudanganya. Maji ya mtaani yasipokuja usiku, mita haitembei hata kama tangi linavuja mpaka chini. Tulifunga vali inayoingiza maji kwenye tangi, tukafunga mifereji yote, tukatia alama ya kina cha maji kwa kijiti. Asubuhi yalikuwa yameshuka sentimita 3. Tangi la lita 1,000 lenye kipenyo cha mita 1.1 hivi linabeba takriban lita 9.5 katika kila sentimita, kwa hiyo lita 28 zilikuwa zimeondoka usiku mmoja bila mtu kufungua kitu. Zilikuwa zikipita kimya ndani ya tangi la choo cha orofani kwenda kwenye bakuli.

Suala la mwisho la maji ndilo lililogoma. Shawa na mfereji wa orofani vilitoa maji membamba. Chini ya tangi ilikuwa mita 2.5 juu ya shawa, na kila mita moja ya maji hutoa msukumo wa takriban bar 0.1. Orofani basi palikuwa na bar 0.25, ilhali karatasi iliyokuja na mifereji hiyo ilitaka isiyopungua bar 1. Mifereji haikuwa na kasoro yoyote. Ilichaguliwa kwa nyumba yenye msukumo mkubwa na kufungwa kwenye nyumba inayotegemea tangi la paani.

Vishikio

Hapa palikwenda haraka. Kishikio cha mlango kikiachiliwa kirudi chenyewe mpaka mlalo. Kikiinama, springi imechoka au skrubu ndogo inayokibana kwenye chuma cha mraba haijakazwa. Viwili vilikuwa hivyo na vilikazwa pale pale. Kitasa cha bafu lazima kifunguke kwa nje kwa sarafu au bisibisi, kwa ajili ya mtoto atakayejifungia.

Madirishani kuna la kuangaliwa ambalo watu hulisahau: grili. Madirisha ya chuma ya vyumba vya juu yalifunguka vizuri kabla grili haijawekwa. Baada ya kuwekwa, kishikio cha dirisha moja kiligonga nondo kabla ya kufika mwisho, likawa halibani. Vingine viwili vilikuwa vimegandishwa na rangi.

Uamuzi kabla ya sahihi

Fomu ile ilibaki na mstari wake wa "nimeridhika". Mwalimu aliandika kwa mkono pembeni mwake: "isipokuwa kasoro zilizo kwenye orodha iliyoambatishwa, kurasa 4", yeye na mwakilishi wa muuzaji wakatia sahihi kando ya maneno hayo na kwenye kila ukurasa. Pesa zilikuwa zimeshalipwa, kwa hiyo sahihi yake ndiyo kitu pekee muuzaji alichokuwa bado anakihitaji, na tuliitumia hivyo.

Tuliongeza ombi moja: ukaguzi wa pili wa milango mwanzoni mwa Juni, mvua ndefu zikiwa zimepita na dhamana bado hai. Muuzaji alikubali kwa maandishi. Silinda ya mbele mwalimu aliamua kuinunua mwenyewe na kumwomba mdogo wake aiweke jioni ya siku ya kupokea funguo, kwa kuwa silinda inayoletwa na muuzaji ingekuja na swali lile lile la nani ana nakala.

Matokeo

Bawaba zilifungwa upya na kingo za milango kupakwa vanishi. Kitasa cha mlango wa nyuma kilibadilishwa kuwa cha liva 5 na tundu la fremu likachimbwa. Muuzaji alivutana kidogo juu ya hilo, lakini ufunguo mmoja kufungua nyumba mbili ni jambo ambalo hakutaka lisikike kwa wanunuzi wengine. Katriji ya jikoni na vali ya choo vilibadilishwa. Tangi lilipopimwa tena usiku halikushuka.

Maji ya orofani muuzaji aliyakataa, akionyesha kwamba mifereji ni ile ile iliyoorodheshwa kwenye mkataba, na alikuwa sahihi. Mwalimu alinunua pampu ndogo ya kuongeza msukumo kwa pesa zake. Stima ikipotea, wanaoga chini.

Juni milango 7 ilifunga vizuri. Ule wa bafu la juu ulikwama tena ingawa ulikuwa umerandwa Machi, na safari hii ulitolewa, ukarandwa upande wa bawaba na kuongezewa bawaba ya tatu katikati.

Uchambuzi

Kilichofaulu ni namna ya kuandika. Orodha ya kwanza na ya pili zilitaja kasoro nyingi zile zile, na fundi alikuwa yule yule. Tofauti ni kwamba mstari unaosema "inua mlango, bawa la juu lisibanduke" hauwezi kutiliwa tiki na mtu ambaye hajauinua mlango. Mwalimu mwenyewe, asiye fundi, aliweza kupima kazi iliyorudishwa bila mimi kuwepo.

Jaribio la ufunguo kwenye mlango usio wake ndilo lililokuwa na thamani kubwa, na halimo kwenye orodha nyingi nilizowahi kuonyeshwa. Kwangu sasa ndilo la kwanza, kabla ya bawaba.

Kilichoshindwa ni kwamba msukumo wa maji ulipaswa kuulizwa kabla ya mkataba, wakati michoro ilipoonyeshwa, kwa kupima tu kimo cha tangi juu ya shawa na kukilinganisha na mifereji iliyoorodheshwa. Siku ya makabidhiano hakuna aliyelazimika kubadilisha chochote. Na mlango wa bafu lenye mvuke wa kila siku, wa mbao nzito na bawaba mbili tu, ulihitaji ya tatu tangu Februari. Kuuranda pekee kuliahirisha tatizo.

Yapo pia ambayo ukaguzi wa aina hii hauwezi kuyaona. Mradi unakusudia kuchanganya maji ya kisima na ya mtaani, na maji yenye chumvi hula kromu na kugandisha vichujio kwa miezi mingi, si kwa siku mbili. Mwalimu ameshauriwa avifungue vichujio vyote na kuviosha kabla mwezi wa sita wa dhamana haujaisha, na apige picha ya kila mfereji siku hiyo.